Barua ya Kumwambia Havyarimana Hapana

Havyarimana alikuwa anafika kituo chetu cha asali kabla yangu. Nikitokea kona ya msikiti namwona tayari ameketi kwenye tofali pembeni ya geti, shati limenyooshwa, panga lake limeegemea ukuta. Panga si ajabu kwa mfuga nyuki, kila anayeleta asali hapa kwetu Kibondo anatembea nalo. Lakini mimi nilikuwa nalitazama lile panga kabla sijamtazama mwenyewe.

"Mwakeye, dada Ininahazwe," alikuwa ananisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, kaka."

"Hawajapiga simu Kasulu?"

"Bado."

Neno hilo, bado, ndilo lilikuwa linaninyima usingizi. Kasulu hawakuwa na sababu ya kumpigia. Kazi ya mtunza ghala aliyoifanyia usaili ilikuwa imeshapata mtu, dada mmoja anaitwa Firdausi, na nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nisafishe chumba atakachofikia. Mimi ni mhudumu wa kituo: nafagia, napika chai, napokea ndoo za asali na kuzipanga. Ofisi kuu ya umoja wetu wa wafuga nyuki iko Kasulu, na amri ilitoka huko kwa Mzee Haidari, mwenyekiti wa kamati ya usaili: asiyechaguliwa haambiwi kitu. Atajua mwenyewe.

"Ndivyo tunavyofanya siku zote," aliniambia kwenye simu. "Mtu akiona kimya anaelewa. Kumwambia mtu hapana machoni ni kumvunjia heshima."

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakumwacha kwenye kimya. Siku ya usaili nilikuwa nimepelekwa Kasulu kuhudumia chai, na nilisikia kwa masikio yangu. Havyarimana alipomaliza, akasimama kinyonge kwa sababu jaribio la kadi za ghala, zile za kuandika kinachoingia na kinachotoka, lilikuwa limemtoa jasho. Mzee Haidari akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Nenda katulie, kijana wangu. Mambo mazuri. Utatusikia." Alisema hivyo kwa wote. Kwa wengine ilikuwa adabu tu. Kwa Havyarimana ilikuwa ajira.

Basi akawa anakuja kukaa. Magari ya asali yakiingia anainuka kubeba ndoo, hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Alikuwa anataka wakipiga simu wakute yupo. Isihaka, mlinzi wetu, alikuwa anamtania.

"Meneja wa getini, leo umechelewa! Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika," Havyarimana alikuwa anajibu. "Nikiingia humo ndani nitaanza na wewe."

Wanacheka wote wawili. Lakini Havyarimana akishapita na ndoo, Isihaka ananifuata jikoni, sauti chini. "Siku akijua, mimi sitakuwepo hapa. Nakwambia kabisa. Nitaumwa."

"Na mimi je?"

"Wewe uumwe pia."

Halafu siku moja akaja mkewe, Esteri, mtoto mgongoni, vumbi mpaka magotini. Hakuingia. Alisimama barabarani akamsemesha mumewe kwa Kirundi, haraka haraka, na mimi Kirundi nakisikia, bibi yangu alikuja na hicho hicho kutoka ng'ambo. Alikuwa anasema wenzake wote wako msituni upande wa Kifura wanafyeka. Moto wa kiangazi umeshaanza kuonekana vilimani. Mtu mwenye mizinga anafyeka nyasi kuizunguka miti yake ili moto ukija usipate cha kula, na asiyefyeka mizinga inaungua na nyuki ndani. Mizinga yao yote, ile ya magome ya baba yake na ile ya mbao aliyoinunua mwenyewe, ilikuwa imesimama kwenye majani makavu ya kufika kiunoni.

"Nikiondoka leo ndiyo watakuja kuniita," Havyarimana akamjibu. "Msituni simu haishiki. Wakikosa mtu watampa mwingine."

"Na moto ukija?"

"Nikipata kazi tutanunua mizinga mingine."

Esteri akageuka akaniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama na ufagio mlangoni. Nikaingia ndani nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Firdausi alikuwa anaripoti Jumatatu. Nikajaribu kuiona ile asubuhi: basi limesimama, dada wa watu anashuka na begi lake, anapewa funguo pale getini mbele ya mtu aliyekaa wiki tatu. Na panga ukutani.

Alhamisi nilitumwa Kasulu kuchukua mifuniko na lebo za chupa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nikiyapanga yanapotea. Ningesema nini? Kwamba naogopa? Mtu wa kufagia anaogopa, kwa hiyo ofisi ibadili utaratibu wake?

Nilimkuta katibu wetu, Bi Kuruthumu, ofisini na Mzee Haidari. Bi Kuruthumu alikuwa ametoka likizo ya uzazi juzi tu, usaili ulifanyika hayupo. Nikapokea mifuniko, nikasaini, nikasimama. Sikuondoka.

"Kuna nini, Ininahazwe?"

"Ni yule Havyarimana, bibi. Bado anakaa pale."

"Havyarimana gani? Anakaa wapi?"

Nikamweleza. Tofali, panga, ndoo anazobeba, mkewe, nyasi za msituni. Nilikuwa naongea nikiangalia sakafu, na kila nilipoongeza neno, Mzee Haidari alikuwa anakohoa. Nilipofika kwenye "mambo mazuri" akasema, "Sasa hilo si lazima lielezwe."

Bi Kuruthumu akaweka kalamu chini. "Waliokosa hawajaandikiwa?"

"Hatujawahi kuwaandikia," Mzee Haidari akasema. "Tangazo lenyewe lilisema watakaofaulu tu ndio watakaopigiwa simu."

"Wewe ulimwambia utatusikia."

"Nilimpa moyo."

"Mzee wangu, ulimpa kazi."

Kisha Mzee Haidari akasema haya, ataandika yeye, maana ndiye mwenyekiti. Akaandika kwa mkono, akatusomea kwa sauti ya kuomba dua. Ilisema kwamba kwa sasa umoja haujafanikiwa kumpatia nafasi, ila alifanya vizuri mno, aendelee kuwa na subira na kumwomba Mungu kwa sababu mlango haujafungwa.

Nilimwona Havyarimana anaipokea, anaikunja vizuri, anarudi kwenye tofali lake.

"Mlango upi haujafungwa?" Bi Kuruthumu akauliza. "Mlango umefungwa, na Jumatatu mtu mwingine anapewa funguo. Ukimwandikia subira, atasubiri."

"Bi Kuruthumu, huyo mtu ana panga! Ukimwandikia hapana kavukavu namna hiyo, atafanya nini?"

"Hata mimi naogopa. Naogopa zaidi akilijua kwa kumwona Firdausi anafungua ghala." Akanigeukia. "Nini kitamuumiza kuliko vyote, unavyomjua?"

Sikuwa nimetegemea kuulizwa. "Atafikiri ni kwa sababu ya kwao," nikasema. "Kwamba ni mtu wa kambini. Wazazi wake walikaa Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi. Watu wa namna yetu, wakinyamaziwa, hilo ndilo wanaloliwaza kwanza."

"Na ilikuwa ndiyo sababu?" Bi Kuruthumu alimuuliza Mzee Haidari, akimwangalia machoni.

"Haki ya Mungu, hapana! Alianguka jaribio. Karatasi hizo hapo."

Akazitoa kabatini. Bi Kuruthumu akazipitia moja moja, alama za wajumbe wote watatu, akalinganisha na sifa zilizotangazwa. Akachukua muda mpaka nikaogopa nitakosa gari. Aliporidhika akavuta kompyuta. Alikuwa anaandika, anafuta, ananiuliza kama neno fulani Havyarimana atalielewa. Mzee Haidari alitaka iongezwe "tunakutakia kila la heri na tutakukumbuka." Bi Kuruthumu akasema la heri ataliweka, la kukumbuka hapana.

Barua yenyewe ilikuwa na kumbukumbu namba na tarehe juu, na ilisema hivi:

*Ndugu Havyarimana,*

*YAH: MATOKEO YA USAILI WA KAZI YA MTUNZA GHALA, KITUO CHA KIBONDO*

*Tunakushukuru kwa kuomba kazi hii na kwa kusafiri hadi Kasulu kufanya usaili. Tunasikitika kukujulisha kwamba hukuchaguliwa. Nafasi ilikuwa moja na imeshajazwa.*

*Una haki ya kujua sababu. Katika maswali ya kutambua ubora wa asali ulijibu vizuri. Katika jaribio la kadi ya ghala uliandika ndoo zilizoingia lakini hukupunguza zilizotoka, na salio lako halikulingana na mali iliyokuwepo. Kazi hii inategemea zaidi hesabu hiyo, na alama zako za jaribio hilo hazikufikia kiwango ambacho kamati iliweka kwa waombaji wote kabla ya usaili. Uamuzi ulitokana na alama hizo. Asili ya mwombaji au mahali atokapo havikuwa sehemu ya vigezo.*

*Siku ya usaili uliambiwa maneno yaliyokufanya uamini kwamba utapata kazi, kisha hukupewa taarifa yoyote. Hilo lilikuwa kosa letu na tunakuomba radhi.*

*Hatuna orodha ya akiba kwa nafasi hii na hatutegemei nafasi nyingine ya aina hii. Tunakuomba usisubiri wito wetu wala kuacha shughuli zako kwa ajili hiyo. Uanachama wako na haki yako ya kuuza asali kituoni havijaguswa na matokeo haya.*

*Ukitaka kuona alama zako au kuuliza jambo, nipigie mwenyewe kwa namba iliyo hapa chini.*

*Tunakutakia kila la heri.*

Akaichapa na nakala yake, akasaini, akapiga muhuri. Mzee Haidari akasoma ile sehemu ya kosa letu mara mbili.

"Umenivua nguo."

"Sijataja jina lako."

"Atanijua."

"Ndiyo. Atakujua."

Mzee Haidari akapendekeza itumwe kwa basi, kondakta aiache kituoni. Bi Kuruthumu akakataa. Mkaguzi alikuwa anaingia kesho yake, vinginevyo angekuja mwenyewe. "Mpe mkononi, Ininahazwe," akaniambia. "Si getini mbele ya wabeba ndoo. Mwingize ndani, apate kiti, mlango uwe wazi na Isihaka awe karibu. Akimaliza kusoma usimwongezee faraja ya kubuni. Kama hujui la kusema, nyamaza. Na ukiona hali si nzuri, toka nje. Barua haina thamani ya wewe kuumizwa."

Nikaiweka kifuani ndani ya kanga, na safari nzima ya kurudi ikawa kama nimebeba kaa la moto. Juu ya milima, upande wa Kifura, kulikuwa na moshi mwembamba. Abiria mmoja akasema, "Moto huo." Mwingine akasema bado uko mbali.

Ijumaa asubuhi nikamkuta pale pale.

"Mwakeye, dada. Ulikuwa Kasulu jana, nimesikia. Wanasemaje?"

"Ingia ndani, kaka."

Uso wake ukafunguka. Mawe, mama yangu! Ule uso ndio ulionitisha kuliko panga. Akainuka, akakung'uta suruali, akalichukua panga lake akaingia nalo, si kwa ubaya, ni kwa mazoea tu, kama mtu anavyobeba kofia. Isihaka aliponiona namwingiza akashika tumbo, lakini hakukimbia. Alibaki karibu na mlango akijifanya anakaza nati ya baiskeli.

Nikampa kiti. Nikampa barua na daftari la kusaini kwamba ameipokea. Akasaini kwa mkono wa haraka, akitabasamu, akafungua bahasha.

Alisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Nilikuwa naona kidole kinapofika. Kikapita kwenye shukrani. Kikasimama kwenye *hukuchaguliwa*. Kikakaa hapo. Nje baiskeli ya Isihaka ikanyamaza.

Nilitamani kusema kitu. Maneno ya Mzee Haidari yote yalinijia mdomoni, matamu, yamepangana: Mungu yupo, usijali, nafasi zitatokea. Nikang'ata ulimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango kama nilivyoambiwa, na mkono wangu ulikuwa umeshika fremu mpaka vidole vikauma.

Kidole kikaendelea. Akafika chini, akarudi juu, akasoma upya.

"Imeshajazwa," akasema.

"Ego, ndiyo."

"Ni kwa sababu ya kwetu?"

Sikumjibu kwa maneno yangu. Nikasema, "Soma pale katikati."

Akasoma. "Ndoo zilizotoka," akasema taratibu, kama anamwambia mtu mwingine. "Kulikuwa na karatasi mbili. Moja ya njano. Ile ya njano niliiacha chini ya nyingine." Akafumba macho. "Mawe. Niliiacha chini."

Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Akainua kichwa, na macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Wewe ulikuwa unajua?"

Isihaka alinitazama kutoka nje ya mlango na kutikisa kichwa: kataa.

"Nilikuwa najua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoambiwa nisafishe chumba."

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Ni mtu mrefu, chumba kile ni kidogo, na panga lilikuwa mkononi mwake tayari, sikuona alilichukua saa ngapi. Nikarudi nyuma hadi kizingitini.

"Kila asubuhi nakuuliza," akasema. "Kila asubuhi! Unaniambia bado. Nabeba ndoo zenu, huyu ananiita meneja, mnacheka. Mke wangu analia, mimi namwambia tulia, mzee wa Kasulu amenishika mikono miwili!"

"Kaka..."

"Usiniite kaka."

Hakuna kitu cha kweli nilichokuwa nacho cha kumpa zaidi ya kile alichokishika. Akaiangalia barua, akaiangalia tena, na nikaona kifua chake kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetua mzigo.

"Hapa wameandika nisisubiri."

"Ndiyo."

"Na nikisubiri?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Ukikaa mpaka masika, hakuna kitu."

Lilikuwa neno baya kumwambia mtu aliyeshika panga. Isihaka alifumba macho kabisa. Havyarimana akageuza uso dirishani, upande wa milima. Moshi ulikuwa umeongezeka. Haukuwa mwembamba tena, ulikuwa umelala juu ya msitu kama blanketi chafu.

Akaitia barua ndani ya shati. Akanipita mlangoni, bega lake likagusa langu, nikasikia jasho lake na harufu ya sabuni. Hakuniaga. Getini akasimamisha bodaboda, akapanda, panga limelazwa mapajani. Hakuelekea kwao. Alielekea Kifura.

Ndipo nilipokaa chini palepale kizingitini nikalia. Isihaka akaniletea maji, nusu yakamwagika njiani.

Tangu hapo hofu ikageuka, haikupungua. Usiku huo kilima kilikuwa chekundu. Jumamosi jivu likawa linadondoka kwenye ua wa kituo, nalifagia, linadondoka tena. Nilimpigia simu Havyarimana, haikupatikana. Bi Kuruthumu naye akapiga, akaniuliza kama nimempata mtu yeyote aliyemwona, nikasema hapana. Jumapili kanisani walitangaza kwamba kuna wafuga nyuki hawajarudi, hawakutaja majina. Nilikuwa nawaza: kama ningeshika ulimi wangu angekuwa kwenye tofali lake, mzima. Halafu nawaza: kama barua ingetoka wiki tatu nyuma angekuwa amefyeka na kurudi nyumbani, mzima pia. Nilizunguka hapo hapo usiku kucha.

Jumatatu Firdausi akashuka kwenye basi. Msichana mpole, begi moja na ndoo ya vyombo. Nikampa funguo. Akaniuliza, "Mbona unaangalia barabara hivyo, dada? Unamngoja mtu?"

"Hapana," nikasema, na ilikuwa uongo.

Jumanne mchana akaja Esteri. Nilimwona kutoka mbali, mtoto mgongoni, anatembea upesi. Nikajaribu kusoma hatua zake kama ni hatua za mjane. Nikashindwa. Nikatoka mpaka barabarani kumpokea kwa sababu sikuweza kungoja afike.

"Yupo?" nikamuuliza.

"Yupo. Mikono imeungua, yuko zahanati, wamemfunga." Akashusha pumzi. "Alifyeka usiku na mchana na shemeji zangu. Mizinga ya juu ya kilima imepona. Ya bondeni yote imekwenda, ile ya baba mkwe. Nyuki wamekufa ndani."

"Pole, mama."

"Siku saba tu. Mngempa siku saba kabla, ya bondeni nayo tungeifyeka."

Firdausi alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala nyuma yangu, ameshika funguo, haelewi, na Esteri akamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. Akajua.

Akaingiza mkono kifuani akatoa barua. Ilikuwa na madoa ya jasho na pembe moja imeliwa na cheche.

"Mume wangu anasoma, mimi sisomi," akasema. "Amenisomea mara nyingi pale kitandani, usingizi haumpati. Ameniambia nije nikuulize wewe, siyo wale wa Kasulu. Kuna kitu kingine ambacho hakikuandikwa humu? Kuna neno mmelibakiza?"

"Hakuna."

"Hataitwa?"

"Hataitwa, mama. Yote yameandikwa."

Alinikazia macho kwa muda mrefu, akitafuta. Nilikuwa naogopa bado, lakini sikuangalia chini. Mtoto mgongoni akaanza kulia, akamtikisa bila kuondoa macho yake kwangu. Kisha akaikunja ile barua, akairudisha kifuani.

"Haya," akasema. "Basi nikamwambie alale."

Akaondoka kwa njia ileile ya zahanati, na safari hii hakuwa na haraka.